Fomu ya chuo inarudi na wekundu, nisaidieni kusoma hii skrinshoti

Dada_Mkubwa: Wakuu, namwombea mdogo wangu chuo na dirisha linafungwa Ijumaa saa sita usiku. Kila nikibonyeza Wasilisha, fomu inarudi juu. Naona nyekundu sehemu tano: NIDA, tarehe ya kuzaliwa, namba ya mtihani wa kidato cha nne, simu na cheti. Picha hiyo hapo. Kosa liko wapi?

Mtoto_wa_Posta: Mfumo umeelemewa huo. Jaribu alfajiri au badili kivinjari.

Karani77: Ukielemewa ungezunguka tu bila jibu. Hapa umejibu sehemu kwa sehemu. Dada, kwanza futa hiyo picha, uirudishe ukiwa umeziba namba ya NIDA. Hilo usilichelewe, tafadhali.

Zilizokataliwa ni nne. Simu ina kinyota tu, maana yake ni lazima kujazwa. Haina maneno mekundu chini yake, iache.

NIDA ina tarakimu 20. Wewe umebandika pamoja na vistari, na kisanduku kinapokea herufi 20 tu, kwa hiyo vistari viwili vimekula nafasi na mwisho umekatwa. Hesabu kwenye picha: zimebaki tarakimu 18. Andika upya bila vistari.

Tarehe: NIDA inaanza na `20030704`, yaani 4 Julai 2003. Wewe umeandika `07/04/2003`, na fomu inaanza na siku, ikasoma 7 Aprili. Weka `04/07/2003`.

Namba ya mtihani umetenganisha kwa vistari. Mfano wa kijivu ndani ya kisanduku unataka mikwaju:

```
S0000/0000/0000
```

Cheti ni PDF ya MB 3.4, na maandishi chini yanasema isizidi MB 2.

Mzee_Kahama: Mimi nimesahau nywila tangu juzi, nifanyeje?

Karani77: Mzee wangu, hilo fungulia uzi wake, tutakuja.

Mtoto_wa_Posta: Cheti kipige picha kwa simu, kitapungua.

Karani77: Kupungua kinaweza, ila itatoka JPG na hapo wanataka PDF. Nenda steshenari, waambie wakiskani upya kwa nyeusi na nyeupe, ukurasa mmoja. Hakikisha muhuri unasomeka.

Dada_Mkubwa: Ahsante sana kaka, picha nimeshaiziba. NIDA na namba ya mtihani zimekubali. Ila tarehe imenipa wasiwasi: cheti chake cha kuzaliwa kinasema kweli 7 Aprili. Mimi sikukosea kuandika.

Karani77: Ahaa, basi hapo nilikisia vibaya. Fomu inalinganisha na NIDA, kwa hiyo 4 Julai ndiyo itakayopita. Lakini usiibonyeze kwanza. Wapigie chuo kesho asubuhi uwaulize siku ya usajili watafuata tarehe ipi, ya NIDA au ya cheti cha kuzaliwa, na mdogo wako aende ofisi ya NIDA ya wilaya na cheti halisi cha kuzaliwa. Marekebisho sidhani kama yatawahi Ijumaa.

Dada_Mkubwa: Nawapigia saa mbili. Cheti nakipeleka kuskaniwa sasa hivi.