Mahindi mabichi yamekuwa unga mdomoni. Tupeane uzoefu

Mgeni wa Himbi
Wapendwa, Jumamosi jioni nilinunua mahindi sita pale sokoni Birere, hapa Goma. Manene, maganda ya kijani, nikafurahi. Jumapili baada ya misa nikayaweka kwenye mbabula, yakachemka saa nzima. Kutafuna, ni kama bugali iliyolala. Watoto waling'ata kidogo wakaacha. Nilikosea sokoni au jikoni? Wenye uzoefu niambieni.

Dereva wa Kiwanja
Anika juu ya hema mpaka yakauke kabisa, ndipo upeleke kwa mashine. Ukisaga yakiwa na maji unga unaota ukungu.

Mgeni wa Himbi
Papa, nasema ya kuchemsha, siyo ya kusaga 😅

Kijana wa Ndosho
Dada, angalia ndevu tu. Zikiwa kahawia, chukua. Zikiwa bado nyeupe, acha. Mimi sihangaiki na mengine.

Mama Sufuria
Mwanangu wa Ndosho, umesema nusu. Nachemsha na kuuza barabarani miaka mingi, na ndevu za kahawia zimenidanganya mara nyingi. Kahawia ziwe kwa nje. Pale zinapoingia ndani ya maganda, zishike: ziwe bado na majimaji, zinanata kidogo. Zikikauka mpaka ndani, hilo hindi limeshakomaa, lipeleke kwa papa wa mashine.

Sasa wewe wa Himbi. Kosa lako kubwa ni ule usiku. Hindi likishavunjwa shambani bado liko hai, linaendelea kugeuza sukari yake kuwa wanga, na joto linaliharakisha. Halafu haya yetu meupe siyo ile mbegu ya sukari ya wazungu. Utamu wenyewe ni kidogo, na muda wake ni mfupi. Magunia yanayotoka Rutshuru yamebanana, katikati yanapata moto. Mimi nikifika kwenye lundo naingiza mkono mpaka chini. Nikisikia joto, naenda kwa mwingine, hata kama anapunguza bei.

Kisha mwombe muuzaji afungue moja, usipasue mwenyewe, wanachukia na wana haki, maana lililopasuliwa linakauka. Bonyeza punje ya katikati kwa ukucha. Ya kwenye ncha ni changa kuliko wenzake, itakudanganya. Yakiruka maziwa meupe, nunua. Yakitoka maji matupu, bado ni changa. Ukucha ukikwama na kutoka na kitu kama uji mzito, hata ufanye nini jikoni, utamu haurudi.

Mgeni wa Himbi
Asante mama. Na ile saa nzima?

Mama Sufuria
Saa nzima na kupita ni ya mahindi makavu na maharage! Toa maganda ya nje, acha mawili ya ndani. Maji yachemke kwanza, ndipo uyatumbukize, ufunike. Kuanzia dakika 20 toa moja uonje. Mimi sivuki 30. Ukizidisha, ngozi ya punje inakuwa ngumu.

Wa Lubumbashi
Huku jirani yangu amepanda mbegu ya sukari, punje za njano. Nilichemsha dakika 25 kama mnavyosema, zikaharibika. Sasa naweka 6 tu, zinatosha.

Mama Sufuria
Sawa kabisa, hiyo ni mbegu nyingine, ngozi yake laini. Usimfundishe wa Goma dakika 6, atakula mabichi. Tena huku juu maji yanachemka kabla ya kufika 100, ni kama 95, kila kitu kinachelewa.

Kijana wa Ndosho
Mama yangu anatia vijiko viwili vya sukari kwenye maji. Shida imeisha.

Mama Sufuria
Vidole vitanata, hindi ndani ni lilelile.

Yaya wa Katindo
Na chumvi? Kwetu tulikatazwa kutia mwanzoni, eti inakaza punje.

Wa Lubumbashi
Mimi natia tangu mwanzo, sijaona tofauti.

Mama Sufuria
Mimi napaka mwishoni, nikishamenya. Ni mazoea tu, siwezi kuapa.

Mgeni wa Himbi
Narudi na majibu. Jana nilienda asubuhi, gari lilikuwa linashusha. Nimechukua sita ya lundo moja, yote ya maziwa. Matatu nilichemsha saa sita ileile, dakika 25. Matatu nikayaacha jikoni mpaka leo mchana, maji yaleyale, dakika zilezile. Ya jana yalikuwa matamu, juisi inatoka ukiuma. Ya leo siyo mabaya, lakini utamu umepungua, na yanakwama menoni. Na nikifika nyumbani usiku, nifanyeje?

Mama Sufuria
Chemsha usiku huohuo, hata kama umechoka. Moto unakatisha ile kazi ya kugeuza sukari. Yakipoa funika, kesho upashe dakika tano. Lile la jana likiwa halijapikwa, liweke juu ya makala, uchome. Halirudi kuwa tamu, ila linalika.

Dereva wa Kiwanja
Kumbe ndiyo maana abiria wangu wananiambia ya Goma hayana ladha. Yakivunjwa asubuhi kwetu, saa tano tayari tunakula.