Mashine mpya ya kupukuchua mahindi: nianze na bei ya juu au ya chini?

Chumachakavu: Wakuu, nina karakana Makambako. Nimeunda mashine ya kupukuchua mahindi yenye injini ya petroli na magurudumu, inavutwa na bodaboda hadi shambani. Hapa kwetu hakuna ya hivyo bado. Kuiunda inanigharimu 620,000, na ndani ya hizo injini peke yake ni 380,000. Natoa 10 kwa mwezi. Mke wangu anasema tuuze 1,150,000, ndugu yangu anasema 750,000 tuliteke soko. Mavuno yanaanza mwezi wa sita. Naomba mchango wenu.

Mtaa wa Kongo: Sikiliza ndugu yako. Mteja wa Bongo ukimtajia bei ya juu anasema "ngoja nizunguke", na harudi. Kampuni ya simu ya Kenya, Safaricom, ilipoanza 2000 ilitoza kwa sekunde wakati mpinzani wake Kencell inatoza kwa dakika. Nani yuko juu leo?

Mbozi Kwetu: Hiyo mashine inameza gunia ngapi kwa saa? Na mkichukua wawili mnapunguziwa?

Nungunungu: Mtaa wa Kongo, mfano wako ni wa kweli ila hauingii hapa. Laini ya simu inapanda thamani kadiri ndugu na jamaa wanavyokuwa nayo, na mnara ukishasimama mteja wa ziada hagharimu kitu kikubwa. Mashine ya jirani yangu hainiongezei mimi chochote, na kila mashine inataka injini yake ya dukani.

Chumachakavu, weka hesabu mezani. Kwa 1,150,000 unabaki na 530,000. Kwa 750,000 unabaki na 130,000. Ukiuza tatu tu kwa bei ya juu una 1,590,000. Ukiuza zote kumi kwa bei ya chini una 1,300,000. Bei ya chini inalipa pale unapoweza kumwaga mzigo sokoni, na wewe huwezi.

Mtaa wa Kongo: Aajiri vijana basi, atoe 25. Mzigo ukiwa mkubwa gharama inashuka.

Nungunungu: Inashuka kwenye vyuma na ufundi, ambavyo ni 240,000. Tuseme anaokoa robo, yaani 60,000. Faida inafika 190,000, mara 25 ni 4,750,000. Kumi za bei ya juu ni 5,300,000, bila kuongeza hata mashine ya kuchomelea. Ila hiyo ni kama wateja kumi wa bei hiyo wapo kweli. Hao ndio wa kuwatafuta kabla ya kubandika bei.

Mama Sabuni: Mimi nilianza sabuni ya maji kwa bei ya kutupa, eti watu waizoee kwanza. Walizoea bei. Nilipoongeza mia tatu tu, wenye maduka wakaniambia "mama, sabuni yako imeanza kuringa". Kushuka ni rahisi, kupanda ni vita.

Chumachakavu: Na hao wa kununua milioni na zaidi ni akina nani hasa? Mkulima wa ekari mbili hawezi.

Nungunungu: Huyo si mteja wako mwaka huu. Mteja ni kijana anayezunguka kupukuchua kwa malipo. Tuseme kila gunia linamwachia 1,000 akishatoa mafuta na vibarua, na anafanya gunia 40 kwa siku. Tofauti ya bei zako mbili ni laki nne, kwake ni kazi ya siku kumi. Hatakimbia kwa hilo. Atakimbia ukimchelewesha mpaka mwezi wa nane.

Mbozi Kwetu: Ndicho nilichokuwa nauliza! Mimi ndiye huyo kijana. Milioni moja na laki moja na nusu naichukua, ikinifikia kabla ya mwezi wa sita.

Mtaa wa Kongo: Mteja mmoja si soko. Na mwakani akishusha, huyu aliyenunua ghali atamtukana.

Nungunungu: Hapo una hoja. Apple walitoa iPhone Juni 2007 kwa dola 599, Septemba wakaishusha hadi 399. Walionunua mwanzo walichachamaa hadi wakapewa dola 100 za kununulia kwenye maduka yao. Ndiyo maana nisingeshusha mashine hiyo hiyo. Ningetoa ndogo isiyo na magurudumu, kwa ajili ya vikundi vya wakulima.

Chumachakavu: Kinachoninyima usingizi ni kingine. Jana fundi wa mtaa wa pili alikuja "kusalimia". Nikamkuta anapima ngoma ya mashine kwa shubiri. Faida ya 530,000 si nitakuwa nimemwita mwenyewe?

Nungunungu: Utakuwa umemwita. Ila kwa 750,000 angekuja pia, kwa kuchelewa kidogo, na wewe huna akiba ya kupambana naye. Msimu huu anaiga umbo tu. Meno ya ngoma yasiyovunja punje yatamchukua muda.

Mtaa wa Kongo: Mafundi wa Makambako unawachukulia poa. Mimi ningeweka 900,000 na kuwahi vijiji vyote kabla yake.

Chumachakavu: Mbozi Kwetu, nicheki inbox. Ni gunia 15 kwa saa, mahindi yakiwa makavu.