Saplaya wa unga amenichelewesha miezi na miezi, nimevunja mkataba, sasa eti mimi ndiye nimlipe fidia!

MwokajiDandora
Nina hasira na sitaificha. Nina bekari Dandora. Mikate yangu hutoka tanurini saa tisa usiku ili iwe madukani kabla watu hawajaamka. Kukanda huanza jioni, kwa hivyo unga lazima uwe stoo mchana. Saplaya alilijua hilo vizuri sana siku tuliyotia saini, mwezi wa pili 2025. Mkataba wa mwaka mmoja: mifuko 60 ya kilo 50, kila Jumatatu na Alhamisi, kabla ya saa nane mchana. Kifungu cha 9 kinasema akichelewa mara tatu ndani ya siku 30, nampa notisi ya maandishi. Ana siku 14 za kujirekebisha tangu aipokee. Akichelewa tena ndani ya hizo 14, naweza kuvunja mkataba kwa notisi ya siku 7. Hakuna aliyemlazimisha kukubali.

Mwezi wa nane ndio ulionimaliza. Tarehe 7 lori lilifika saa nne usiku. Tarehe 14 halikuja, likaja kesho yake asubuhi. Tarehe 21 lilifika kwa wakati lakini na mifuko 35, ile 25 ikaja Jumamosi tarehe 23. Tarehe 25 saa moja jioni. Saa zote hizo soja wangu ameziandika kwenye kitabu cha lango, pamoja na nambari ya gari, na dereva ametia saini mbele yake. Sijamwonea. Jumatatu ya tarehe 7 mwezi wa saba, Saba Saba, polisi walipofunga barabara za kuingia mjini, hakuleta na sikuihesabu kabisa.

Notisi ya kwanza niliipeleka mwenyewe ofisini kwao tarehe 29 mwezi wa nane na nakala yangu ina muhuri wao. Jumatatu na Alhamisi iliyofuata walikuja mapema, nikadhani wameshika adabu. Tarehe 8 mwezi wa tisa wakaja saa kumi na mbili jioni. Ya tarehe 11 ikaja tarehe 12. Tarehe 15 nikawapa notisi ya kuvunja mkataba, tarehe 18 wakaleta mzigo wa mwisho ambao ankara yake bado sijailipa, na mkataba ukaisha tarehe 22.

Sasa wameniandikia barua. Wanasema nilipokea unga, nikasaini "umepokelewa katika hali nzuri", nikalipa, kwa hivyo niliridhika. Wanasema tarehe 8 lori lilikwama kwenye foleni Barabara ya Thika, jambo lililo nje ya uwezo wao. Na wanataka niwalipe faida ya miezi yote iliyobaki hadi mwezi wa kwanza! Mimi, niliyekuwa nakimbia na mkokoteni usiku kutafuta unga wa bei ya duka ili wateja wasikose mkate!

Mtetezi_47
Dada, hao wanakutisha tu. Kwa sheria, mtu akichelewa hata siku moja mkataba umekufa, hukuhitaji notisi yoyote. Na kama kuna ankara hujalipa, usiwape hata shilingi. Waende kortini.

Unga_BeiYaJumla
Nina unga wa ngano grade ya mikate, naleta hadi mlangoni Dandora. Niandikie faraghani tuelewane bei.

MwokajiDandora
Asante lakini sijaomba saplaya. Unga nimeshapata kwingine. Shida yangu ni hii barua.

AfisaUnunuzi
Nimefanya kazi ya ununuzi viwandani miaka mingi, na mikataba ya namna hii nimeivunja mara kadhaa. Mtetezi, ushauri wako utamtia dada taabani. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, haisemi kwamba kuchelewa siku moja kunaua kila mkataba. Inasema uzito wa muda wa kuleta bidhaa unategemea masharti ya mkataba wenyewe. Huyu mkataba wake una njia: kuchelewa mara tatu, notisi, siku 14, notisi nyingine. Angeruka hatua moja tu, yeye ndiye angekuwa amevunja mkataba kinyume, na hiyo barua ya fidia ingekuwa na meno. Kinachomwokoa ni kwamba alifuata hatua.

Dada, hoja yao ya saini ni dhaifu. "Umepokelewa katika hali nzuri" kwenye hati ya kupokea mzigo inahusu hali ya unga: mifuko haikupasuka, haikulowa, idadi ni sawa. Haisemi lolote kuhusu saa. Lakini kuna hoja jirani yake ambayo ina nguvu, na wakili wao akiwa macho ataishika. Mnunuzi akipokea mzigo uliochelewa mwezi baada ya mwezi bila kusema neno, anaweza kuhesabiwa kuwa ameliachilia sharti la muda. Basi nikuulize: kabla ya mwezi wa nane walipochelewa, ulifanya nini?

Pia tarehe 21 uiangalie vizuri. Watasema lori lilifika kwa wakati, upungufu wa mifuko si kuchelewa. Mimi nasema ile mifuko 25 ilichelewa siku mbili. Lakini hata wakishinda hapo, tarehe 7, 14 na 25 ni tatu, zote ndani ya siku 30. Kwenye barua yako zitangulize hizo tatu, tarehe 21 uiweke nyuma, ili wasipate pa kuanzia ubishi.

MwokajiDandora
Kila walipochelewa nilimwandikia meneja wao wa mauzo kwenye WhatsApp jioni ileile. Nimeyatunza yote. Ujumbe wangu ulikuwa namna hii: "Nimepokea mifuko 60 leo saa moja jioni. Mmechelewa saa tano. Nimepokea kwa sababu sina unga, siyo kwamba nimekubali kucheleweshwa." Naye hujibu "pole madam, haitarudia." Pole, pole, pole, tangu mwezi wa tatu!

AfisaUnunuzi
Hapo umefunga mlango. Huo ujumbe, pamoja na hiyo pole yake, una uzito kuliko saini kumi. Usipeleke picha za skrini peke yake. Hamisha mazungumzo yote kutoka kwenye simu yawe faili moja yenye tarehe, na simu yenyewe usiiuze.

KukuWaRuai
Mimi nitasema upande wa pili. Nauzia hoteli kuku, wananilipa baada ya miezi mitatu. Wakichelewesha hela, mimi nitanunua chakula cha kuku na nini? Nyinyi wanunuzi mnapenda kulia mkicheleweshewa mzigo ilhali mnakalia hela za watu. Je, wewe ulikuwa unalipa kwa wakati?

MwokajiDandora
Mkataba unasema siku 14 baada ya ankara. Taarifa ya benki iko, hakuna hata moja iliyopita. Pole kwa yaliyokupata, lakini si mimi niliyekufanyia.

AfisaUnunuzi
Swali la Kuku si baya. Kama malipo yangekuwa yanachelewa, wangesema walishindwa kununua unga kwa sababu yako. Hiyo taarifa ya benki iambatishe.

DerevaThikaRoad
Mimi hubeba unga kutoka viwanda vya Thika. Madam, hati ya mzigo ya tarehe 8, haikuwa na karatasi ndogo ya mizani imeshikizwa nyuma? Viwanda vingi hupima lori mara mbili, likiingia tupu na likitoka limebeba. Kila kipimo kina saa yake imechapishwa na mashine. Saa ya kipimo cha pili ndiyo saa ya kutoka kiwandani. Mara nyingi hao masaplaya wa kati hawana unga stoo. Wanangoja pesa iingie, wanalipia kiwandani asubuhi, halafu lori linapanga foleni ya kupakia. Sisi madereva ndio tunatumwa kusema "jam".

MwokajiDandora
Jamani nimetoka stoo sasa hivi. Ipo! Imeshikizwa kwa stepla, wino umefifia lakini unasomeka: kuingia 11:52, kutoka 15:10. Saa tisa na dakika kumi alasiri! Mzigo niliopaswa kuupokea saa nane mchana, saa tisa ndiyo kwanza unatoka Thika! Halafu mtu mzima anakaa ofisini anaandika barua yenye nembo ya kampuni kwamba ni foleni ya barabarani. Ni uongo, na wameuleta wenyewe na lori lao.

AfisaUnunuzi
Dereva, Mungu akubariki. Dada, ifanyie fotokopi leo, karatasi hizo za mizani hufutika zikikaa kwenye joto. Halafu pekua hati nyingine zote, hasa ya tarehe 25. Foleni hata ingekuwapo, haiwezi kuwa sababu ya kuchelewa kwa gari ambalo lilikuwa bado halijatoka lango la kiwanda.

Kuhusu hasara yako: una stakabadhi za unga ulionunua kwingine?

MwokajiDandora
Ninazo, za duka la jumla. Bei yao ilikuwa juu ya bei ya mkataba kwa shilingi 350 kwa mfuko, na usafiri juu. Nilipoteza pia maduka mawili yaliyohamia kwa mwokaji mwingine.

AfisaUnunuzi
Tofauti ya bei inadaiwa kwa urahisi: mifuko uliyonunua mara 350, ongeza usafiri wenye stakabadhi. Maduka mawili ni kazi ngumu, itabidi wenyewe waseme waliondoka kwa sababu ya mkate kuchelewa. Madai yakiwa hayazidi shilingi milioni moja, Mahakama ya Madai Madogo inayashughulikia, na unaweza kusimama mwenyewe bila wakili.

Mtetezi_47
Sawa, la notisi nimekubali. Lakini ankara ya mwisho bado nasema akate hasara yake humohumo. Kwa nini alipe yote halafu aanze kuwafukuza?

AfisaUnunuzi
Unga wa tarehe 18 aliupokea na akauoka. Mkataba unasema nini kuhusu kukata?

MwokajiDandora
Hausemi chochote. Nimeusoma mara mbili.

AfisaUnunuzi
Basi hapo mimi na Mtetezi hatutaelewana. Kuna mawakili watakaokwambia kata kwa sababu madai yote yametoka kwenye mkataba mmoja. Mimi ningelipa kamili, niandike kwenye barua kwamba nalipa huku nikidai hasara yangu, ili wasipate pa kusema ulikuwa na deni. Muulize wakili hilo moja tu, kabla siku 14 za ankara hazijaisha.

DerevaThikaRoad
Na wakikupigia na bei ya chini wakitaka kuendelea kuleta?

MwokajiDandora
Wameshapiga, jana. Asilimia tatu chini. Nimekataa, na nimemwambia soja lori lao lisifunguliwe lango hata likija na unga wa bure. Kesho naenda kwa wakili na kitabu cha lango, nakala yenye muhuri na hiyo karatasi ya mizani.

AfisaUnunuzi
Vizuri. Ukipokea hata lori moja baada ya tarehe 22 watasema mkataba umeufufua mwenyewe. Kitabu cha lango usimwachie wakili, mwachie nakala.