Tupeane uzoefu: barua ya kuitwa kwenye usaili ilikusaidia wapi, ikakukwamisha wapi?

Utumishi_Chumbageni: Wanajamvi, habari za jioni. Nipo Tanga mjini, nashughulikia utumishi kwenye shirika dogo. Waombaji wa nafasi ya mhasibu msaidizi tumewachuja, wamebaki sita: wawili wa hapa mjini, mmoja Pangani, mmoja Handeni, wawili Lushoto. Kabla sijaandika barua za kuwaita, naomba mliowahi kuitwa au kuita wengine mseme yaliyowapata. Nataka mtu akikosa kazi iwe mwenzake amemzidi, isiwe barua imemponza.

Msambaa_wa_Soni: Mimi niliitwa na kampuni moja hapo Tanga. Barua ilisema wote tufike saa 2:00 asubuhi. Kutoka Soni, hata ukipanda gari la alfajiri, kuna zile kona mpaka Mombo, halafu Korogwe, Muheza, na ukishuka Kange bado hujafika mjini. Ikabidi nilale gesti kwa hela ya kukopa. Asubuhi niliwahi, nikaitwa ndani saa 8 mchana! Ningejua zamu yangu ningetoka nyumbani siku ileile.

Utumishi_Chumbageni: Pole sana kaka. Basi kila barua itakuwa na saa yake. Wa mjini saa 3, wa Pangani saa 5, Handeni na Lushoto kuanzia saa 7 mchana. Nauli tutarudisha kwa tiketi.

Mzee_wa_Masijala: Hapo kwenye tiketi angalia, mwanangu. Wengine watakuja na Noah, na Noah hazikati tiketi. Pangeni kiwango cha kila wilaya, kwenda na kurudi, kiandikwe kwenye barua pamoja na lini kitalipwa. Serikalini matangazo husema wazi kwamba msailiwa atajigharamia usafiri, chakula na malazi. Inauma, lakini mtu anajipanga. Barua iliyonyamaza ndiyo inayomtesa.

Mama_Wawili: Samahani, mimi niliomba kazi tangu mwezi uliopita na sijaona barua. Huwa zinatumwa posta au kwenye simu?

Mzee_wa_Masijala: Binti yangu, inategemea ofisi. Fungua barua pepe uliyoandika kwenye maombi, uangalie na kule zinakotupwa taka. Kama uliomba serikalini, ingia kwenye akaunti yako ya Ajira Portal.

Binti_Duga: Mimi kilio changu ni vyeti. Barua iliniambia tu "njoo na vyeti vyako". Cha kuzaliwa kinasema Mwanahamisi, cha kidato cha nne Mwanaamisi. Nikazuiwa mlangoni, hata kwenye jopo sikufika.

Ngamiani_20: Dada, hilo ni kiapo kwa wakili tu, asubuhi moja umemaliza. Kinakubalika popote.

Mzee_wa_Masijala: Si popote. Shirika binafsi linaweza kukipokea likitaka. Usaili wa serikali wanadai hati ya majina, ile inayosajiliwa kwa Msajili wa Hati, na haipatikani asubuhi moja. Kwa hiyo barua itoke mapema na itaje kila kitu: vyeti halisi kuanzia cha kuzaliwa, kidato cha nne, cha sita kwa aliyefika, cha chuo, na kitambulisho chenye picha. Iseme pia kama karatasi ya matokeo inapokelewa badala ya cheti. Serikalini haipokelewi. Ninyi mna uamuzi wenu, ila uandikwe.

Fundi_Mikanjuni: Na jopo je? Mimi niliambiwa nitakutana na "jopo la usaili". Nikajiandaa kuhojiwa. Nafika, nawekewa kompyuta na taarifa ya benki, nifanye ulinganisho wa hesabu ndani ya nusu saa. Kazi naijua, lakini nilitetemeka.

Utumishi_Chumbageni: Sisi tuna wanne: meneja wa fedha, mhasibu kutoka nje, mjumbe wa bodi na mimi. Zoezi la kompyuta lipo, nitaliandika. Je, niweke na majina?

Mzee_wa_Masijala: Vyeo vinatosha. Tanga tunajuana, jina likitoka leo, kesho simu zinaanza. Orodha ya wasailiwa wapeni wanajopo kwanza, mwenye ndugu yake ajitoe.

Binti_Duga: Na asipojitoa? Nikiona jina naweza kusema mapema kwamba yule ni shemeji wa mshindani wangu. Nikiona cheo tu sijui lolote.

Mzee_wa_Masijala: Una hoja. Mimi bado naogopa hizo simu.

Utumishi_Chumbageni: Kwa wa Lushoto nimeandika hivi: "Utasailiwa saa 7:30 mchana. Fika saa 7:00 kwa ukaguzi wa vyeti halisi. Utafanya zoezi la kompyuta dakika 30, kisha mahojiano na jopo la watu wanne. Nauli italipwa siku hiyo kwa kiwango kilichoambatanishwa. Tafadhali thibitisha kuja kwako kabla ya Jumatatu."

Msambaa_wa_Soni: Safi. Ongeza ashuke wapi akitoka Kange, na namba ya simu ambayo mtu ataipokea siku hiyo. Mvua ikinyesha kule juu barabara huziba, na saa 7 inaweza kumkuta bado yuko Mombo. Ajue atampigia nani, na kama mtamsubiri.