Ya limau au ya ambroksani: ipi inafika jioni kwa joto la Mtwara?

Mshangani: Wadau, muuza manukato hapa mjini kanipa sampuli mbili nijaribu. A ni limau na bergamoti, bei nafuu. B ina limau kidogo, chini yake miski na ambroksani, ile ya maabara inayonukia kama ambari, bei karibu mara mbili. Saa mbili asubuhi nikapulizia A mkono wa kushoto, B wa kulia. Mwanzoni A iliipiku B. Kufika saa nne, A kimya. B nayo ikawa imegeuka, si ile niliyoinusa dukani. Saa nane nikajua nayo imekata, mara mwenzangu kazini ananiuliza, "Leo umejipaka nini?" Hii B ni feki?

Babu wa Mikindani: Si feki, mwanangu. Ni kama basi la Lindi, wengine wanashukia hapa kwetu Mikindani. Spiriti inaruka ndani ya dakika chache. Halafu limonini ya limau, molekuli nyepesi, uzito wake 136 hivi. Ambroksani ni 236, na inatoka kwenye ngozi kidogo kidogo mno. Harufu uliyoiona imegeuka ndiyo iliyokuwemo tangu asubuhi, ila limau lilikuwa linaifunika.

Korosho Ghafi: Miski ni gundi tu, inashika harufu isitoke. Nunua A, ongeza tone la mafuta ya miski, limau litafika magharibi.

Babu wa Mikindani: Hapo umepatia nusu. Limau likichanganyika na kitu kizito linatoka polepole zaidi, maana juu pale linagawana nafasi na wazito. Lakini unaongeza dakika, si kutwa. Tena kwa limonini, joto likipanda nyuzi 10 kasi inakaribia mara mbili. Jioni utasikia miski yenyewe.

Korosho Ghafi: Mimi yangu inafika, Babu.

Bi Mkubwa Lindi: Mnahangaika bure. Fukiza udi kwenye kanga, siku mbili unanukia.

Babu wa Mikindani: Kweli dada, ila kanga haina joto la mwili wala jasho. Kaka kauliza ya ngozi.

Mpiga Makasia: Mshangani, hiyo ya saa nane naijua. Kuna miski mimi siisikii kabisa, mke wangu anasema nimejimwagia chupa nzima. Pua zetu hazifanani kwa miski. Na hata unayoisikia, pua inaizoea. Pulizia B kwenye kipande cha karatasi, kiache chumba kingine, ukinuse jioni ukitoka nje. Kikinukia, pua ndiyo iliyochoka.

Mshangani: Kesho narudia. A juu ya mafuta ya mgando mkono mmoja, A kavu mkono wa pili, B kwenye karatasi. Korosho, hilo tone lako la miski unalipaka kabla ya A au baada?

Korosho Ghafi: Kabla. Lakini kusema kweli, mimi huwa napulizia tena saa saba.