Tupeane uzoefu: binti kavunja ungo, mwezi anapata, mwezi hapati

Mama Wawili: Binti yangu ana miaka 13. Alivunja ungo tarehe 11 Februari, akapata tena 15 Machi, halafu kimya mpaka 8 Juni. Hiyo ya Juni ikakaa siku tisa. Jana kanifunulia daftari la hesabu, ukurasa wa nyuma kachora vijistari vya siku zake, akaniuliza, "Mama, mimi nimeharibika?" Nimekumbuka mimi mwenyewe nilivyokuwa nalia chooni. Mliopitia, semeni.

Kidawa: Mimi mwaka mzima nilitembea na kanga ya akiba kwenye begi. Haina taarifa hiyo.

Mzee wa Kitaa: Karibu miezi mitatu kimya? Mpime mimba kwanza, hadithi baadaye.

Mama Wawili: Mzee, mwanangu unamjua wewe?

Chuma Chakavu: Acheni niseme. Kidato cha kwanza, bweni, miezi mitatu sijaona siku zangu. Matroni akanipima mkojo mbele ya wenzangu wawili. Hakuna mimba. Bado akasema nimetoa. Wiki mbili nikaitwa "mama kijacho" kwenye foleni ya uji. Halafu ikaja. Jamani, ilikuja! Pedi inajaa ndani ya saa moja, mabonge kama maini, naamka usiku kufua shuka gizani. Siku ya kumi na moja nikaanguka mstarini. Hospitali damu ilikuwa 6, nikaongezewa chupa mbili. Daktari akamuuliza matroni, "Kwa nini hamkumleta?" Akasema alidhani najidekeza.

Kidawa: Pole sana dada. Huyo matroni bado yupo kazini?

Pwani Raha: Watu wa bweni tuna mengi. Kwetu tuliambiwa tuombe ruhusa ya kwenda chooni kwa maandishi.

Zamu ya Usiku: Mimi ni nesi, turudi kwa mtoto. Mama Wawili, hesabu siku ya kwanza ya damu mpaka siku ya kwanza inayofuata. Februari mpaka Machi ni siku 32. Machi mpaka Juni ni 85. Mwaka wa kwanza hilo bado ni la kawaida. Mtu akipitisha siku 90 bila kitu ndipo tunauliza maswali.
Sababu yenyewe ni kwamba ubongo na ovari bado havijaelewana. Ovari inaanza kukuza yai, lakini mwezi mwingine haliachiliwi. Wakati huo homoni ya estrojeni inaendelea kujenga ule utando wa ndani ya kizazi. Yai likitoka ndipo inakuja projesteroni, inayoushikilia utando, na ikishuka ndipo utando unaanguka wote kwa pamoja. Yai lisipotoka hakuna projesteroni ya kuushikilia wala kushuka ili uanguke. Unanenepa tu, mwishowe unamomonyoka vipande vipande. Ndiyo kimya kirefu, kisha siku tisa. Alilalamika tumbo?

Mama Wawili: Hata kidogo. Nikashangaa, mimi nilikuwa nagaagaa.

Zamu ya Usiku: Inaendana. Damu ya mwezi usio na yai mara nyingi haiumi. Mayai yakianza kutoka vizuri, ndipo atakuja kukuomba dawa ya tumbo. Ila siku tisa zimezidi, ukomo wetu ni saba. Pedi ngapi kwa siku?

Mama Wawili: Siku nne za mwanzo tano tano, kisha matone.

Zamu ya Usiku: Si mbaya. Mpeleke apime wingi wa damu tu. Ya Chuma Chakavu ndiyo ya kukimbia nayo hospitali usiku huohuo, na wanaotokwa hivyo tangu mwanzo wapimwe pia kama damu yao inaganda sawasawa.

Pwani Raha: Basi kama yai halitoki, angalau mimba haiingii miaka hiyo.

Zamu ya Usiku: Hapana! Kuna miezi linatoka, na linatoka *kabla* ya damu. Hujui ni mwezi upi. Kwa hilo Mzee hakukosea kabisa, kakosea mdomo.

Mzee wa Kitaa: Asante nesi.

Kidawa: Usimshukuru, hajakusifia.

Bi Mdalasini: Chai ya mdalasini na tangawizi, siku saba. Binti wa dada yangu alinyooka mwezi uleule.

Chuma Chakavu: Angenyooka hata kwa maji ya moto, Bi. Mimi mama alininywesha mpaka ulimi ukaota vidonda.

Bi Mdalasini: Wewe ulizidisha.

Zamu ya Usiku: Chai anywe, ila vidonge vya kupanga mzunguko msimnunulie dukani kienyeji. Anaendelea na vijistari vyake. Mwaka wa pili na wa tatu tutegemee siku 21 mpaka 45.

Shangazi Mkubwa: Na mimi wa miaka 47, mwezi napata mwezi sipati, nitulie lini?

Kidawa: Shangazi, fungua uzi wako!