Mrejesho: tangazo la Siku ya Mama na wateja waliofiwa

Niliuliza: "Niandikeje matangazo ya Siku ya Mama bila kumtonesha kidonda mteja aliyefiwa na mama yake?"

Asanteni. Nilichukua ushauri wa kuwapa wateja nafasi ya kujitoa mapema, kama walivyofanya wauza maua wa Uingereza, Bloom & Wild, mwaka 2019.

Rasimu ya kwanza ilisema "Kama umempoteza mama, bofya hapa." Mwenzangu aliyefiwa na mama akaikataa papo hapo: inamfanya mtu atangaze msiba wake kwa duka! Tukaandika hivi: "Hivi karibuni tutatuma ujumbe wa Siku ya Mama. Usipopenda kuupokea, bofya hapa. Ujumbe mwingine utaendelea kuupata." Hatuulizi sababu. Kichwa cha barua pepe kikawa "Chagua ujumbe unaotaka kupokea", maana kichwa husomwa hata na asiyeifungua.

Kiungo kinamwekea mteja alama tu, hakimwondoi kwenye orodha nzima. Majaribio yalionyesha kwamba alama ilizuia barua za kampeni, lakini ile ya otomatiki ya kumkumbusha mteja bidhaa alizoacha kikapuni bado ilibeba bango la Siku ya Mama. Meseji za simu nazo zilipita. Tukazifunga zote.

Wapo wasiobofya, kwa hiyo "Usimsahau mama yako" tuliifuta, ikabaki "Zawadi za Siku ya Mama". Haimwamrishi mtu chochote.

Alama tutaibakiza hata mwakani. Kuuliza kila mwaka nako ni kukumbusha. Mteja mmoja ameshaomba tufanye hivyohivyo Siku ya Baba.